Kutoka 12% hadi 5%: barua pepe ya anayeomba umeneja mwandamizi

Barua ya maombi ya kazi inayofundishwa shuleni ina mwendo unaojulikana. Anwani mbili, kisha YAH: MAOMBI YA KAZI kwa herufi kubwa, kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha "Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka..." Inafuata aya ya elimu, aya ya kuahidi bidii na uaminifu, na mwishoni matumaini kwamba ombi litapokelewa. Kwa anayeanza kazi, mwendo huo haumdhuru. Hana rekodi ya kuonyesha, na mwajiri analijua hilo. Tatizo lipo kwa meneja aliyekaa kazini miaka kumi na mitano, anayeomba nafasi ya meneja mwandamizi kwa barua ileile, akiongeza tu kwamba ana "uzoefu mkubwa wa uongozi" na kwamba "amechangia kwa kiasi kikubwa mafanikio ya taasisi".

Anayeisoma barua hiyo mara nyingi anaisoma kwenye simu, katikati ya shughuli nyingine, na chini yake kuna nyingine kadhaa zinazosema maneno hayohayo. Mwaka 2012 kampuni ya Marekani iitwayo Ladders, inayoshughulika na kutafutia watu kazi, ilifuatilia mwendo wa macho ya waajiri wakisoma wasifu wa waombaji. Ikaona kwamba mtazamo wa kwanza ulichukua kama sekunde sita. Iliporudia jaribio hilo mwaka 2018, muda uliongezeka kidogo tu, ukafika sekunde saba na ushei. Huo ni wasifu wenyewe. Barua pepe ndiyo mlango wa kuufikia, na ikichosha, kiambatisho hakifunguliwi.

Tuweke mipaka mapema. Nafasi za utumishi wa umma Tanzania huombwa kupitia mfumo wa Ajira Portal wa Sekretarieti ya Ajira, na huko barua hupakiwa kwa utaratibu wake. Tunazungumzia kampuni binafsi, mashirika yasiyo ya kiserikali na taasisi za fedha, ambako tangazo humalizika kwa anwani ya barua pepe na tarehe ya mwisho. Kama tangazo ni la Kiingereza, barua nayo iwe ya Kiingereza. Hesabu iliyomo ndani haibadiliki.

Aliyeifanya kanuni ya hesabu hiyo ijulikane sana ni Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu wa Google. Kanuni yake ina sehemu tatu: nilifanikisha jambo hili, kwa kipimo hiki, kwa kufanya hivi. Ukiitazama utaiona nyepesi mno. Waombaji wengi huandika sehemu ya kwanza na kuishia hapo. Wachache huongeza kipimo. Sehemu ya tatu, ile ya kusema ulifanya nini hasa, ndiyo inayorukwa kuliko zote, ingawa kwa nafasi ya juu ndiyo yenye uzito. Mwajiri hanunui matokeo ya mwaka juzi yaliyopatikana kwa mtu mwingine. Anataka kujua kama kilichofanyika kule kinaweza kufanyika kwake.

Ili jambo hili lisibaki hewani, tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa kazi ambayo ipo kila mji. Mwombaji ni meneja wa kanda katika kampuni ya mikopo midogo, ile inayokopesha bila kupokea amana. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kampuni za aina hiyo ziko daraja la pili. Ana matawi manne na maofisa mikopo 14. Anaomba kuwa Meneja Mwandamizi wa Mikopo katika taasisi kubwa zaidi. Sentensi yake ya kwanza, kama alivyoiandika usiku akiwa amechoka, inasema: "Nimefanikiwa kupunguza mikopo chechefu kwa kiwango kikubwa."

Hapo kuna tatizo hata kabla ya namba. Mikopo chechefu, kwa lugha ya mabenki, ni ile iliyopitisha siku 90 bila kulipwa kama ilivyokubaliwa, na Benki Kuu ya Tanzania hutaka isizidi 5% ya mikopo yote ya benki. Kampuni za mikopo midogo hazisubiri muda wote huo, kwa sababu mkopo wenyewe pengine ni wa miezi sita. Huangalia mikopo ambayo rejesho lake limechelewa zaidi ya siku 30, na huhesabu salio lote la mkopo huo, si lile rejesho moja lililokosekana. Kwa hiyo 5% ya mtu wa benki na 5% ya mtu wa mikopo midogo si kitu kimoja. Meneja anayeandika "chechefu" akimaanisha siku 30 anajipunja, na anayefanya kinyume chake atashtukiwa kwenye usaili. Maneno "iliyochelewa zaidi ya siku 30" hayachukui hata nusu mstari, na yanamaliza utata.

Sasa namba. Mwisho wa Desemba 2022, kabla hajakabidhiwa kanda, mikopo iliyokuwa mikononi mwa wakopaji ilikuwa shilingi bilioni 2.4, na katika hiyo milioni 288 zilikuwa zimechelewa. Hiyo ni 12%. Mwisho wa Desemba 2024 mikopo ilikuwa bilioni 3.6, na iliyochelewa milioni 180, yaani 5%. Amefanya vizuri kulinganisha Desemba na Desemba. Januari ni mwezi wa ada za shule na marejesho hulegea. Angelinganisha Januari na Septemba angepata picha nzuri zaidi, na yeyote aliyewahi kukopesha wafanyabiashara wadogo angemuuliza kwa nini alichagua miezi hiyo.

Ushukaji huo unaweza kuandikwa kwa njia mbili zilizo sahihi na moja ya kupotosha. Kutoka 12 hadi 5 ni tofauti ya pointi saba. Ukigawanya saba kwa kumi na mbili, uwiano umepungua kwa 58%. Mwombaji akiandika "nilipunguza kwa 58%" anasema kweli, ila msomaji hajui kama alianzia kwenye 40 au kwenye 3. Akiandika "nilipunguza kwa 7%" amekosea kabisa, kwa kuwa hizo ni pointi. Dawa yake ni kuweka ncha zote mbili, ilikoanzia na ilikofikia, na kumwachia msomaji ajitolee mwenyewe.

Msomaji mkali, na kwa nafasi hii msomaji mkali ni mkurugenzi wa fedha, hataishia hapo. Ataangalia kwanza namba ya chini. Mikopo imekua kutoka bilioni 2.4 hadi 3.6. Tuseme meneja huyu hakukusanya hata shilingi moja ya madeni yaliyochelewa, na zile milioni 288 zikabaki zilivyo. Milioni 288 katika bilioni 3.6 ni 8%. Yaani pointi nne kati ya saba zingeweza kupatikana kwa kukopesha tu watu wapya, ambao siku 30 zao hazijafika. Huo ndio ujanja wa zamani wa sekta hii: ukitaka uwiano upendeze, gawa mikopo mingi mwezi wa mwisho.

Kisha ataangalia vitabu. Deni lililoshindikana hufutwa vitabuni, na likifutwa hutoka kwenye hesabu ya yaliyochelewa bila aliyekopa kulipa. Katika mfano wetu, milioni 60 za mikopo ya zamani zilifutwa mwaka 2023. Zirudishwe pande zote mbili za hesabu: milioni 240 katika bilioni 3.66, na uwiano unakuwa kama 6.6%. Bado ni mafanikio makubwa kutoka 12. Lakini si 5.

Aseme au anyamaze? Aseme. Si kwa ajili ya utakatifu. Kufuta madeni yaliyokufa ni kazi halali na ya kawaida ya meneja wa mikopo, na anayeitaja bila kuulizwa anajionyesha kuwa anaielewa hesabu yake mwenyewe. Anayeificha ataulizwa kwenye usaili, na jibu la kubabaika hapo litaitia shaka kila namba nyingine aliyoiandika. Mistari michache haina nafasi ya kueleza yote, ila ina nafasi ya maneno matano au sita ndani ya mabano.

Ibaki sehemu ya tatu ya kanuni: alifanya nini? Jibu la kwanza la meneja wetu lilikuwa "kuimarisha ufuatiliaji", maneno ambayo yangeweza kuandikwa na mtu yeyote aliyewahi kukaa ofisini. Alipobanwa zaidi, ikatoka habari yenyewe. Maofisa mikopo walikuwa wakilipwa bonasi kwa kiasi walichokopesha. Ofisa aliyegawa milioni 40 kwa mwezi alifurahi, fedha zirudi zisirudi. Meneja akaomba ruhusa makao makuu, bonasi ikafungwa kwenye marejesho yanayofika kwa wakati. Katika miezi michache maofisa wenyewe wakaanza kutembelea biashara ya mwombaji kabla ya kupendekeza kiasi cha mkopo, jambo ambalo sera ililitaka siku zote na hakuna aliyelifanya. Hicho ndicho kitu cha kuandika. Ni kifupi, kinaaminika, na mwajiri mpya anaweza kukijaribu kwake.

Wapo wanaoona haya kuandika "nilifanya". Malezi yanatutaka tuseme "tulifanya", na mezani kwa wenzako huo ni ungwana. Kwenye barua ya maombi unamwacha msomaji akijiuliza kama mwombaji alikuwa dereva au abiria. Njia ya katikati ni kutaja ukubwa wa timu na kisha uamuzi uliokuwa wako: "nikiongoza maofisa 14, nilibadilisha msingi wa bonasi". Sifa ya kazi inabaki kwa wote, uamuzi unajulikana ni wa nani.

Zipo pia namba zisizoruhusiwa kutoka nje ya ofisi. Jumla ya mikopo ya kampuni isiyouza hisa zake sokoni ni siri ya biashara, na mshindani wake ndiye pengine anayepokea barua hiyo. Majina ya wateja hayatajwi kabisa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Hapo uwiano husaidia kuliko kiasi. Badala ya bilioni 2.4 na 3.6 mwombaji aandike kwamba mikopo ilikua kwa nusu. Uwiano nao ukiwa wa siri kwa mkataba wake, ataje matawi, watu na muda, na hesabu zilizobaki azungumze ana kwa ana kwa kadiri anavyoruhusiwa.

Namba zipo nyingi kuliko nafasi. Meneja wetu alikuwa na tisa kwenye daftari lake, ikiwemo idadi ya semina alizoendesha na asilimia ya wateja wanawake. Kilichochagua ni tangazo lenyewe. Lilisema taasisi inatafuta mtu wa "kuboresha ubora wa mikopo na kupunguza muda wa kushughulikia maombi". Mambo mawili. Basi semina zikabaki kwenye wasifu, na ikaingia namba ambayo yeye mwenyewe aliiona ya kawaida: muda wa kuamua ombi la mkopo ulishuka kutoka siku tisa hadi nne. Barua ikawa hivi:

Mada: Meneja Mwandamizi wa Mikopo: mikopo iliyochelewa 12% hadi 5%, matawi 4

Ndugu Mkurugenzi wa Rasilimali Watu,

Naomba nafasi ya Meneja Mwandamizi wa Mikopo mliyoitangaza tarehe 3 Machi.

Tangu Januari 2023 naongoza matawi 4 na maofisa mikopo 14. Kati ya Desemba 2022 na Desemba 2024:

Mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 ilishuka kutoka 12% hadi 5% (6.6% tukihesabu iliyofutwa vitabuni), baada ya kufunga bonasi ya maofisa kwenye marejesho badala ya kiasi kilichokopeshwa.

Muda wa kuamua ombi ulishuka kutoka siku 9 hadi 4, baada ya mikopo midogo kuidhinishwa tawini bila kupelekwa makao makuu.

Mikopo iliyo nje ilikua kwa nusu bila kuongeza ofisa.

Tangazo lenu linataja ubora wa mikopo na kasi ya maombi. Hayo mawili ndiyo niliyoyafanyia kazi kwa miaka miwili. Notisi yangu ni ya mwezi mmoja. Wasifu na barua rasmi nimeviambatisha.

Wako,
(jina kamili, namba ya simu)

Msomaji atamaliza bila kushusha ukurasa mara nyingi. Angalia kwamba mistari mitatu ya matokeo inalindana. Kupunguza madeni ni rahisi ukiacha kukopesha, na kuharakisha maombi ni rahisi usipochuja wateja. Mtu aliyeshusha madeni huku mikopo ikikua na maombi yakienda haraka amefanya jambo gumu, na namba tatu pamoja ndizo zinazolionyesha. Ingebaki moja peke yake, ingeleta maswali kuliko majibu.

Mstari wa mada nao una kazi. Kwenye simu huonekana maneno machache tu ya mwanzo, kwa hiyo jina la nafasi hutangulia na tokeo hufuata. Kama tangazo lina namba ya kumbukumbu, iwekwe mbele kabisa, kwa sababu ofisa utumishi anaweza kuzichambua barua kwa namba hiyo. "Maombi ya kazi" pekee hayamwambii lolote mwenye matangazo manne kwa wakati mmoja.

Mtu wa kazi zisizo na mauzo wala madeni atauliza yeye aandike nini. Meneja wa utumishi, wa sheria, wa ununuzi. Hawa wana vipimo, ila viko kwenye majalada ya watu wengine. Ripoti ya mkaguzi ina hoja za ukaguzi: zilikuwa ngapi, zimefungwa ngapi, na zilifungwa kabla ya ukaguzi uliofuata au baada. Meneja wa ununuzi anaweza kupata tarehe ya ombi la kununua na tarehe ya mzigo kuingia stoo, akachukua zabuni za mwaka mzima na kutoa wastani. Meneja wa utumishi ana idadi ya walioacha kazi na muda nafasi zilivyokaa wazi. Ikikosekana kabisa, ni afadhali kuandika tukio moja lenye mwanzo na mwisho, mathalani mkataba uliokuwa umekwama mwaka mzima ukasainiwa, kuliko kubuni asilimia. Asilimia ya kubuni hujulikana haraka. Huwa ni namba ya duara, 30 au 50, na mwenyewe hawezi kusema ni 30 ya nini.

Mengine ni ya kutuma, na hapo ndipo watu wazima huharibu kazi nzuri kwa uzembe. Vyeti kumi vilivyopigwa picha kwa simu hujaza barua. Gmail hukomea MB 25, na seva nyingi za kampuni huweka kikomo cha chini zaidi, hivyo barua hurudi au haifiki. Wasifu mmoja na barua moja, vyote PDF, vinatosha mpaka wenyewe waombe zaidi. Faili liitwe kwa jina la mwombaji na nafasi, lisiitwe `CV_new_final(2).pdf`. Barua isitumwe kutoka anwani ya kazini, ambayo mwajiri wa sasa ndiye mwenyewe, na isitumwe kwa kampuni nane kwa mkupuo huku anwani zote zikionekana juu.

Kabla ya kubonyeza tuma, meneja wetu alikuwa na kazi mbili zilizobaki. Ya kwanza ni kuandika ukurasa mmoja wa kuwa nao mwenyewe, unaoonyesha kila namba ilipotoka: ripoti gani, mwezi gani, kilichojumlishwa na kilichoachwa. Ukurasa huo hauambatishwi. Ni wa usiku wa kuamkia usaili, wiki sita baadaye, atakapokuwa amesahau kama siku tisa zilihesabiwa tangu mteja alipojaza fomu au tangu jalada lilipofika kwa ofisa. Tofauti ya hesabu hizo mbili inaweza kuwa siku tatu nzima.

Ya pili ni kuwapigia wadhamini wake. Mdhamini akipigiwa simu na mwajiri mpya huulizwa mambo ya jumla, kisha mara nyingine huulizwa lile lililoandikwa: ni kweli madeni yalishuka kutoka 12 hadi 5? Bosi wake wa zamani, aliyehamia kampuni nyingine katikati ya 2024, alikumbuka 7, kwa sababu ndiyo ripoti ya mwisho aliyoiona kabla ya kuondoka. Walielewana kwenye simu kwa dakika chache. Bosi atasema alichokiona mpaka Juni, na mwombaji akaongeza kwenye wasifu wake jina la meneja wa fedha wa kanda, aliyekuwepo mpaka hesabu za Desemba zilipofungwa.